Kubana video kwa ffmpeg: upandishe CRF au ushushe vipimo vya picha?

Video ya dakika 8 iliyopigwa kwa simu hufika gigabaiti 1 bila taabu, na huko unakotaka kuituma huenda hawapokei zaidi ya megabaiti 100. ffmpeg, programu ya kubana video kwa kuandika amri, inakupa njia mbili kubwa za kuipunguza. Ya kwanza ni kupandisha namba inayoitwa CRF, ambayo ndiyo hupima ubora. Ya pili ni kushusha vipimo vya picha, kwa mfano kutoka 1080p kwenda 720p. Kila moja peke yake inaweza kukufikisha kwenye megabaiti 100, lakini picha zitakazotoka hazitafanana hata kidogo. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kushika njia moja tu na kuivuta hadi mwisho wake.

Kwa hiyo nitazilinganisha faili likiwa na uzito uleule. Kusema 720p ni nyepesi kuliko 1080p hakumsaidii mtu, maana kila mmoja analijua hilo. Swali lenye faida ni hili: ukiwa na megabaiti 100 na si zaidi, uzitumie kwa pikseli nyingi zilizochakaa au kwa pikseli chache zilizo safi?

## Kila namba inagusa nini

Uzito wa video ni kasi ya biti ikizidishwa na muda. Video yetu ya mfano ina upana wa pikseli 1920 na kimo cha 1080, na inatumia biti milioni 17 hivi kila sekunde. Sekunde 480 ukizizidisha kwa 17, halafu ukagawa kwa 8 ili kutoka biti kwenda baiti, unapata megabaiti 1,020. Basi. Kurefuka kwa video na wingi wa biti kwa sekunde ndivyo vinavyojaza faili, na vingine vyote vinafanya kazi kwa kupitia hivyo viwili.

CRF huiambia kodeki, yaani kifaa cha ndani ya ffmpeg kinachobana picha, ikubali kupoteza kiasi gani. Kwenye kodeki ya `libx264`, ambayo ndiyo tutakayoitumia, namba hizi zinaanzia 0 hadi 51, na usipoandika chochote ffmpeg inatumia 23. Namba ikipanda, ubora unashuka. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba ukiongeza 6, faili hupungua kwa takriban nusu, na ukipunguza 6 linakaribia kuwa mara mbili. Namba hii haijui faili lako la mwanzo lina uzito gani. Ukichukua video ambayo tayari imebanwa sana na kuipitisha kwa CRF 18, faili jipya linaweza kuwa zito kuliko la kwanza, na picha isiwe nzuri zaidi hata chembe. Ndiyo maana inafaa kuanza na faili lililotoka kwenye kamera, si nakala iliyokwisha kutumwa huku na huku.

Vipimo vya picha, kwa upande wao, vinagusa idadi ya pikseli. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Fremu ya 1280 kwa 720 ina 921,600, yaani asilimia 44. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu: pikseli zikipungua hadi asilimia 44, faili halishuki hadi asilimia 44. Kwa CRF ileile, tarajia karibu nusu au juu kidogo ya hapo. Sababu ni kwamba picha ikipunguzwa, pikseli jirani huwa hazifanani sana kama mwanzo. Ukuta uliokuwa na pikseli kumi za rangi moja kati ya ufa na ufa sasa una sita tu, kwa hiyo kila pikseli iliyobaki inabeba habari nyingi zaidi na kuibana ni kugumu zaidi.

Video ya usiku hutoka kwenye kawaida hiyo. Simu ikipiga picha gizani, picha hujaa chembechembe zinazocheza kila fremu, na kodeki inahangaika kuzihifadhi kana kwamba ni kitu cha maana. Ukishusha vipimo, pikseli kadhaa zinachanganywa kuwa moja na chembechembe zinafutana zenyewe. Hapo faili linaweza kushuka kuliko ulivyotarajia, na picha ikaonekana safi kuliko ya mwanzo.

## Jaribu kipande kwanza

Usibane dakika 8 nzima ili kujua jibu. Kata sekunde 30 na uzibane hizo:

```
ffmpeg -ss 00:03:00 -i asili.mp4 -t 30 -c:v libx264 -crf 23 \
  -c:a aac -b:a 128k jaribio.mp4
```

`-ss` inaruka hadi dakika ya 3, `-t 30` inachukua sekunde 30, na sauti inabanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde. Tuseme kipande kimetoka kikiwa na megabaiti 18. Sauti ndani yake ni kama nusu megabaiti, kwa hiyo picha ina 17.5. Dakika 8 zina vipande 16 vya namna hiyo, kwa hiyo picha ya video nzima itakuwa karibu megabaiti 280, na sauti itaongeza kama 8.

Kuna tahadhari moja. CRF hulinda ubora, hailindi uzito. Sehemu ambayo mtu amekaa anaongea hutumia biti chache, na sehemu ambayo watu wanakimbia hutumia nyingi. Ukijaribu sehemu tulivu peke yake, utajidanganya. Mimi huchukua vipande viwili, kimoja cha utulivu na kimoja chenye vurugu nyingi kuliko vyote, kisha nakadiria katikati kulingana na video ilivyo.

## Njia tatu za kufika megabaiti 96

Tunayo 288 na tunataka kushuka chini ya 100. Sauti tuiache na megabaiti zake 8, kwa hiyo picha lazima ishuke kutoka 280 hadi 90 hivi, yaani chini ya theluthi. Kwa kanuni ya 6 na kwa makadirio ya vipimo niliyoyaeleza, njia zinakuwa hivi:

| Vipimo | CRF | Picha na sauti | Kinachopotea |
|---|---|---|---|
| 1920×1080 | 33 | karibu MB 96 | usafi: miraba, ukungu kwenye mwendo |
| 1280×720 | 27 | karibu MB 96 | ukali kidogo |
| 854×480 | 21 | karibu MB 96 | vitu vidogo vyote |

Haya ni makadirio ya kuanzia tu. Video yako inaweza kuhitaji 25 au 29 mahali nilipoandika 27, na kipande cha majaribio ndicho kitakachokuambia. Jambo la kuangalia kwenye jedwali ni umbali kati ya namba za CRF. Ukikataa kushuka kutoka 1080p, unalipa kwa hatua 10 za CRF. Ukikubali kwenda 720p, unalipa hatua 4 tu.

### 1080p kwa CRF 33

Kwa `libx264`, namba zinazovumilika kwa kawaida ni 17 hadi 28. Tukifika 33 tumeshatoka nje ya eneo hilo. Simamisha video mahali ambapo kamera inageuka na utazame nyasi au majani ya mti nyuma ya watu. Nyasi zinakuwa bapa la kijani, kama rangi iliyosuguliwa kwa kidole. Ukuta mweupe wenye kivuli unagawanyika kuwa ngazi, na kwenye ngazi hizo unaona miraba inayohamahama. Uso wa mtu akiwa ametulia unaweza kuonekana vizuri, kisha anageuza kichwa na mashavu yanapoteza alama zote kwa nusu sekunde.

Faili bado linaandika 1080p kwenye maelezo yake, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Pikseli milioni 2 zipo, lakini kodeki haikuwa na biti za kutosha kuzijaza, ikazichora kwa mafungu.

### 720p kwa CRF 27

Hii ndiyo ninayoichagua kwa video nyingi za simu: sherehe, mchezo wa watoto, mafunzo yanayoonyesha mikono ikifanya kazi. Ukiiweka kwenye skrini kubwa na kuisogelea, utaona kingo za vitu zimelegea kidogo. Nywele haziko kali kama kwenye faili la mwanzo. Lakini mwendo ni laini, miraba ni michache, na jicho husamehe ulaini haraka sana kuliko linavyosamehe miraba inayochezacheza. Mtazamaji wa simu hataona tofauti.

Kuna mpaka wake. Video ya 720p ikifunguliwa kwenye skrini ya 1080p, kichezeshi huikuza mara moja na nusu, na dosari zilizomo zinakuzwa pamoja nayo. Kwa sababu hiyo sivuki CRF 28 nikiwa kwenye 720p. Ikiwa hata 28 haitoshi kufikia uzito ninaoutaka, nashuka hadi 480p na kurudisha CRF kwenye 23.

### 480p kwa CRF 21

Hapa picha ni safi kabisa, ila ni ndogo. Mtu aliye karibu na kamera anaonekana vizuri. Walio nyuma wanabaki maumbo tu, na huwezi kumtambua nani ni nani. Namba mgongoni mwa mchezaji aliye mbali haisomeki. Kwa megabaiti zilezile 96 hii ni hasara, kwa sababu tumetumia biti nyingi kusafisha picha ambayo haina tena cha kuonyesha. 480p inakuwa na maana pale tu uzito unapobana zaidi, kwa mfano video hiihii ya dakika 8 ikitakiwa kuingia kwenye megabaiti 40.

## Herufi zinageuza hukumu

Yote niliyosema yanahusu video iliyopigwa kwa kamera. Video iliyorekodi skrini ya kompyuta ni jambo tofauti kabisa, na nililijifunza kwa gharama. Nilirekodi maelekezo ya kujaza jedwali la hesabu, nikashusha hadi 480p kwa mazoea, nikamtumia mwenzangu. Baada ya dakika kumi akaniandikia: "Ndugu yangu, seli ya pili hapo ni 3 au 8?" Nilifungua faili mwenyewe na sikuweza kumjibu. Nambari zote zilikuwa madoa ya kijivu, na ilinibidi nirekodi upya kwa sababu faili la mwanzo nilikuwa nimeshalifuta.

Herufi ndogo kwenye skrini ya 1080p ina mistari yenye unene wa pikseli moja au mbili. Ukishusha hadi 480p, mstari wa pikseli moja hauna mahali pa kukaa, unachanganywa na weupe ulio pembeni yake. Hakuna CRF, hata 10, itakayourudisha. Wakati huohuo skrini karibu haisogei, na kodeki huhifadhi mabadiliko tu kutoka fremu moja hadi nyingine. Kwa hiyo rekodi ya skrini ya 1080p hubanwa vizuri mno bila kugusa vipimo. Hapa fanya kinyume cha nilichosema juu: acha vipimo kama vilivyo, anza na CRF 26, panda taratibu hadi 30, na kila hatua usome herufi ndogo kuliko zote zilizomo.

Ukilazimika kupunguza rekodi ya skrini kubwa sana, punguza kwa nusu kamili. Skrini ya 2880 kwa 1800 ikiwa 1440 kwa 900, kila pikseli nne zinakuwa moja na herufi zinabaki na umbo lake. Vipimo visivyogawanyika sawasawa ndivyo vinavyoacha herufi nyingine nene na nyingine nyembamba kwenye neno hilohilo.

## Kuandika vipimo bila kuharibu

Amri ya kushusha hadi 720p inaongeza kichujio kimoja, `scale`, pamoja na `-movflags +faststart` inayoruhusu video ianze kuchezwa kabla haijapakuliwa yote:

```
ffmpeg -i asili.mp4 -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -crf 27 \
  -c:a aac -b:a 128k -movflags +faststart tayari.mp4
```

Kwenye `scale`, namba ya kwanza ni upana na ya pili ni kimo. `-2` inaiambia ffmpeg itafute upana wenyewe kwa kufuata uwiano wa picha, na ihakikishe unagawanyika kwa 2. Wengi huandika `-1`, ambayo haijali mgawanyo huo. Kwenye 480p hesabu inaleta 853, na ffmpeg inakataa kwa ujumbe huu:

```
width not divisible by 2 (853x480)
```

Ukiuona, badilisha `-1` iwe `-2` na upana utakuwa 854.

Video iliyopigwa simu ikiwa wima ina mtego mkubwa zaidi, kwa kuwa haileti ujumbe wowote. Kimo chake ni 1920 na upana ni 1080. Ukiandika `scale=-2:720`, ffmpeg inatii: inashusha kimo hadi 720, na upana unabaki kama pikseli 405. Umepoteza zaidi ya nusu ya upana bila kujua, na picha iko chini hata ya 480p ya kulala. Kwa video ya wima geuza namba:

```
-vf scale=720:-2
```

Utapata 720 kwa 1280, yenye pikseli zilezile za 720p ya kawaida. Dalili ya kosa hili ni faili jepesi kupita matarajio. Ulipotarajia nusu ukapata sehemu ndogo sana, angalia vipimo kwa `ffprobe` kabla hujafurahi:

```
ffprobe -hide_banner tayari.mp4
```

Kuhusu `-preset`, nitasema kwa ufupi. `slow` huchukua muda mrefu zaidi na kwa kawaida hutoa faili dogo kidogo kwa CRF ileile, `veryfast` hufanya kinyume. Haibadilishi uamuzi kati ya CRF na vipimo. Chagua moja na uitumie kwenye majaribio na kwenye kazi ya mwisho, la sivyo hesabu ya kipande haitalingana na video nzima.

Kodeki ya `libx265` ni swali jingine. Kwa ubora unaokaribiana hutoa faili dogo zaidi, na namba zake za CRF hazilingani na za `libx264`: 28 yake ndiyo chaguo-msingi, na inakaribia 23 ya `libx264` kwa macho. Lakini vifaa vya zamani vinashindwa kuichezesha. Kama hujui atakayepokea anatumia nini, baki na `libx264`.

## Uzito ukiwa ni sharti

Makadirio yanaweza kukuleta kwenye megabaiti 104, na mlango ukafungwa kwa ajili ya hizo nne. Unaweza kupandisha CRF kwa 1 na kubana tena, na mara nyingi hiyo inatosha. Lakini ikiwa huna nafasi ya kubahatisha, achana na CRF na uweke kasi ya biti mwenyewe kwa mizunguko miwili. Lenga megabaiti 95 ili ubaki na akiba. 95 mara 8 ni megabiti 760, sawa na kilobiti 760,000. Gawa kwa sekunde 480 upate 1,583. Toa 128 za sauti, zinabaki 1,455. Andika 1450:

```
ffmpeg -y -i asili.mp4 -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -b:v 1450k \
  -pass 1 -an -f null /dev/null
ffmpeg -i asili.mp4 -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -b:v 1450k \
  -pass 2 -c:a aac -b:a 128k -movflags +faststart tayari.mp4
```

Mzunguko wa kwanza hauandiki video. Unapima tu ni wapi kuna mwendo mwingi na wapi pametulia. Wa pili unagawa biti kwa kufuata matokeo hayo. Kwenye Windows andika `NUL` mahali pa `/dev/null`.

Hata hapa uamuzi wa vipimo unabaki mikononi mwako, kwa sababu ffmpeg itagawa kilobiti 1450 hizo za kila sekunde kwenye fremu za ukubwa wowote utakaoipa. Ukiipa 1080p yenye watu wanaocheza, itakurudishia miraba ileile tuliyoiona kwenye CRF 33. Kabla ya kutuma, sogeza video hadi sekunde yenye mwendo mwingi kuliko zote, isimamishe, na uitazame kwa ukubwa ambao mpokeaji ataitazamia. Ukiona miraba, shusha vipimo. Ukiona kila kitu ni safi ila husomi kilichoandikwa, rudisha vipimo na ubane kwa CRF.